Kabla hujapandisha dokezo la kuomba mtumishi wa tano

Mwezi huu nimeletewa madokezo matatu nisome kabla hayajapanda juu. Yameandikwa na wafawidhi wapya wa maabara, watu wangu, wawili kati yao niliwafundisha mimi kusoma slaidi. Yote matatu yameanza hivi: "Kutokana na wingi wa kazi na uchache wa watumishi, tunaomba tuongezewe mtumishi mmoja." Nimeyasoma nikiwa nimekaa, nikasimama, nikakaa tena. Wadogo zangu, nawapenda, lakini sentensi kama hiyo niliiandika mimi mwaka 2023 na ilinigharimu miezi tisa. Siwezi kukaa kimya nikiwaona mnaingia shimo lile lile.

Nayaandika haya kwa ajili yenu mlio kwenye hospitali binafsi na vituo vya afya, ambako uamuzi wa kuajiri unapita kwa Mganga Mfawidhi, Mhasibu na Bodi. Serikalini kuna ikama na kibali, na njia ile ina foleni yake. Lakini hesabu ya kazi ni ile ile, na hata Shirika la Afya Duniani lina njia yake ya kuikokotoa, inaitwa WISN. Ninachowaeleza hapa ni njia hiyo hiyo, nimeipunguza iingie kwenye karatasi moja na nusu.

1. Usihesabu muda anaosubiri mgonjwa. Hesabu muda wa mikono yako.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoangukia.

Agosti 2023 tulikuwa wanne maabara, tunafanya kazi saa 24. Rejista ilionyesha vipimo kama 3,000 kwa mwezi. Nikajiuliza, kipimo kimoja kinachukua muda gani? Ukutani tulikuwa na bango la wagonjwa: "Majibu ndani ya nusu saa." Nikachukua nusu saa ile. Vipimo 3,000 mara nusu saa ni saa 1,500. Nikagawa kwa saa 195, ambazo ni saa za kazi za mtu mmoja kwa mwezi kisheria, nikapata watu 7.7. Nikaandika kwa kujiamini kabisa: "Mahitaji ni watumishi wanane, waliopo ni wanne. Kwa kuzingatia hali ya kifedha ya hospitali, tunaomba wawili tu." Nilidhani nimekuwa muungwana.

Niliitwa kwenye kikao. Mhasibu wetu ni mama mmoja mtulivu, hapandishi sauti. Alikuwa amelikunja dokezo langu katikati, na kwenye ile hesabu alikuwa amepiga mstari kwa penseli. Akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, kazi ya watu wanane inafanywa na wanne, na majibu yanatoka kila siku. Hii nusu nyingine ya kazi inafanywa na nani?"

Sikuwa na jibu. Nikaanza kueleza kwamba tunachoka, kwamba tunakula tumesimama, kwamba dada mmoja alizimia Juni. Yote yalikuwa kweli, ila hakuna lililojibu swali lake. Mganga Mfawidhi akasema tutaliangalia baadaye, na sote tulijua maana ya baadaye. Kibaya zaidi, tangu siku hiyo kila nilipoleta takwimu yoyote, hata ya vitendanishi vilivyokwisha muda, mtu mezani alikumbuka ile nusu saa. Hesabu moja mbovu ilizitia doa hesabu zangu zote.

Kosa lilikuwa nini? Chukua mRDT. Mgonjwa anasubiri dakika 15 hadi 20 kwa sababu kitepe lazima kikae muda huo ndipo kisomwe. Lakini wewe hukai unakitazama. Unaita jina, unachoma kidole, unadondosha damu na bafa, unaandika muda, unahudumia mwingine, kisha unarudi kusoma na kuandika jibu. Mikono yako imetumika dakika kama tano. ESR ya saa nzima ni hivyo hivyo: saa ni ya mrija, wewe umetumia dakika chache. FBP mashine inakunywa damu na kutoa karatasi wakati unabandika lebo ya sampuli inayofuata. Kwa upande wa pili, kuna kazi ambazo mikono na macho havitoki: mkojo chini ya hadubini, choo, slaidi ya malaria ambayo huruhusiwi kuandika hasi mpaka umepitia maeneo 100 ya mafuta. Nusu saa yangu ilivilinganisha vyote, ikavipa vitepe muda visivyoutumia.

Basi dokezo likalala. Na mimi, kwa kuona aibu, sikupima tena. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, zaidi ya kikao chenyewe. Kupima sawasawa kungenichukua wiki mbili. Mimi nilinuna miezi saba.

Katika miezi hiyo mwenzetu mmoja alishika mimba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini hairuhusu mjamzito apangiwe usiku miezi miwili kabla ya kujifungua, na baada ya hapo ana likizo ya uzazi ya siku 84. Haki yake kabisa. Tukabaki watatu wa kuzungusha zamu za usiku. Asubuhi moja ya Februari, nikiwa nimetoka usiku na nimeombwa nisubiri kidogo mpaka msongamano upungue, nilichukua damu ya watoto wawili waliofuatana kitini. Vichupa viwili vya kifuniko cha zambarau viliwekwa mezani bila lebo, nikiwa najiambia nitavibandika nikikaa. Mashine ilitoa hemoglobini 5.2 na 11.4. Kama nusu saa baadaye daktari wa watoto akapiga simu ya ndani: "Huyu mtoto wangu viganja vyeupe kama karatasi, wewe unaniandikia 11.4?"

Nilirudia vyote viwili kwa damu mpya. Nilikuwa nimevibadilisha. Mtoto wa 5.2 alipata damu akiwa amechelewa karibu saa mbili. Alipona, nilimfuata wodini mpaka siku anatoka. Mama yake alinishukuru kwa kumjulia hali, na sikuweza kumtazama usoni.

Simsingizii mtu. Lebo ilikuwa jukumu langu. Lakini nilipokaa na rosta ya mwezi ule niliona nilikuwa nimefanya saa za ziada 96, na wenzangu wawili hivyo hivyo, wakati sheria inaishia saa 50 kwa kila wiki nne. Rosta ile ndiyo ilikuwa dokezo. Ilikuwa imebandikwa ukutani muda wote, nami nilikuwa naipita.

2. Pima kwa saa ya simu, wiki mbili, na mpime wote.

Machi nikachukua daftari la mistari, nikachora safu tatu: kipimo, mwanzo, mwisho. Mwanzo ni kuita jina la mgonjwa, mwisho ni jibu kuandikwa kwenye rejista, na muda wa kusubiri unaukata. Kila mmoja wetu alijipima vipimo ishirini vya kila aina. Msimpime yule mwepesi peke yake, wala mgeni peke yake.

Tulipata mRDT dakika tano, FBP dakika tano pamoja na kuchoma mshipa, kemia ya damu sita, mkojo kumi, choo kumi, kundi la damu pamoja na kulinganisha damu ya kuongezwa dakika 30. Vitepe vingine vyote, yaani mimba, sukari, kaswende na jamaa zake, dakika tano tano. Namba zenu zitatofautiana na zangu kwa sababu mashine zenu si zetu, kwa hiyo msizinakili. Dokezo la pili kati ya yale matatu limenakili. Najua, kwa sababu lina kemia ya dakika sita na kituo chenyewe hakina mashine ya kemia.

Wastani wa vipimo uchukue wa miezi 12, maana ukichukua Mei na Juni peke yake, malaria ya masika itakubeba na Mhasibu ataona.

Wastani wetu ulikuwa vipimo 3,360 kwa mwezi. Ukizidisha kila kipimo kwa dakika zake, jumla ni saa 365. Linganisha na saa 1,680 ambazo nusu saa yangu ingetoa kwa vipimo hivyo hivyo. Yule mama aliona kwa penseli kitu ambacho mimi mtaalamu sikukiona.

Kisha kuna kazi isiyoonekana kwenye rejista: kuwasha mashine na kupitisha kontroli kila asubuhi, kuandaa rangi, kutupa taka, kuhesabu stoo. Kwetu ni saa mbili kwa siku, yaani 60 kwa mwezi. Ripoti, vikao na kufundisha wanafunzi wa mazoezi ni saa 40 nyingine. Kazi hizi zinajumlishwa mara moja kwa maabara nzima, hazizidishwi kwa idadi ya watu. Kontroli inapita mara moja asubuhi, muwe wanne au kumi.

3. Kuna saa za kazi, na kuna saa za kuwepo.

Mkifika hapa, wengi wenu mtashtuka kama mimi. Saa 365 na 100 ni 465. Mtu mmoja anatoa saa ngapi kwa mwezi? Zile 195 ni za mkataba, si za kweli. Tulihesabu hivi: siku sita kwa wiki ni siku 312 kwa mwaka. Toa likizo ya siku 28, ambayo inakula siku 24 za kazi. Toa sikukuu 14 zilizoangukia siku za kazi, toa ugonjwa siku tano kwa mujibu wa daftari la mahudhurio, toa mafunzo siku tano. Zinabaki siku 264. Mara saa saba na nusu, ni saa 1,980 kwa mwaka, yaani 165 kwa mwezi.

Gawa 465 kwa 165. Unapata watu 2.8. Na sisi tulikuwa wanne!

Usiku ule nililala vibaya. Nilidhani nimejichongea mwenyewe, kwamba nikipeleka hesabu ya kweli tutapunguzwa. Asubuhi nikamwonyesha mwenzangu aliyetoka zamu. Akaniambia: "Kaka, mimi usiku nimefanya vipimo vinne. Lakini nilikuwepo saa kumi na mbili."

Hilo ndilo nililoliacha. Maabara inayolala wazi haihitaji mtu kwa sababu ya wingi wa vipimo vya usiku, inahitaji mtu kwa sababu mama anayetoka damu saa nane usiku hasubiri asubuhi. Zamu yetu ya usiku ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 2 asubuhi, saa 12 kwa siku 30, ni saa 360. Saa hizo zinalipwa ziwe na vipimo vinne au arobaini. Kwa hiyo unatenganisha. Usiku unaandikwa kama saa za kuwepo, 360. Mchana unaandikwa kama saa za kazi: 365 ukitoa kama 35 zilizofanyika ndani ya zamu ya usiku, zinabaki 330, ongeza 100 za kazi zisizo za rejista, unapata 430. Jumla 790.

Gawa 790 kwa 165, ni 4.8. Watu wanne wanatoa saa 660. Upungufu ni saa 130 kwa mwezi.

Nikafungua fomu za malipo ya saa za ziada za mwaka mzima, nikitoa miezi ya likizo ya uzazi. Wastani ulikuwa saa 128. Nilipiga kelele mpaka mgonjwa dirishani akauliza kama kuna usalama. Hapo ndipo unajua hesabu yako ni nzima: njia mbili zisizojuana zimefika mahali pamoja. Ikiwa upungufu wako wa makaratasi ni saa 130 na hakuna mtu aliyedai hata saa 20 za ziada, kuna uongo mahali. Ama dakika zako zimevimba, ama watu wanafanya kazi bila kuandika. Tafuta kwanza, kabla Mhasibu hajatafuta.

Na kama kituo chako hakilali wazi, tafadhali usiazime saa 360 zangu. Dokezo la kwanza kati ya yale matatu ni la kliniki inayofunga saa 12 jioni.

4. Linganisha gharama ya saa moja, si mshahara na sifuri.

Nyote watatu mmeandika mshahara wa mtumishi mpya peke yake, kama kwamba sasa hivi upungufu unazibwa bure. Hauzibwi bure. Mhasibu ndiye anayelipa ovataimu kila mwisho wa mwezi, anaijua kuliko ninyi.

Mshahara wa mteknolojia wetu wakati huo ulikuwa 700,000. Saa moja unaipata kwa kugawa kwa 195, maana ndiyo kanuni ya sheria ya kubadili mshahara wa mwezi kuwa wa saa. Ni shilingi 3,590. Saa ya ziada ya kawaida inalipwa mara moja na nusu, na ya siku ya mapumziko au sikukuu inalipwa mara mbili. Katika saa zetu 130, 90 zilikuwa za kawaida na 40 za mapumziko na sikukuu. Ya kwanza inafika 484,650, ya pili 287,200. Jumla tulikuwa tunalipa 771,850 kila mwezi ili kukaa pungufu.

Mtajionea wenyewe jambo moja hapa. Saa 130 kwa mara moja na nusu ni saa 195. Yaani ovataimu ya saa 130, hata bila sikukuu, ni mshahara kamili wa mtu mmoja, uwe mshahara wa laki tano au milioni mbili. Ukiwa na upungufu wa saa 60 usiombe mtu mzima, maana namba zitakukataa. Ukifika 130, namba zinaanza kukubeba.

Upande wa kuajiri niliweka kila kitu. Mshahara 700,000, mchango wa mwajiri NSSF asilimia 10, tozo ya SDL ambayo mwaka 2024 ilikuwa asilimia 3.5, mfuko wa fidia WCF asilimia 0.5. Hizo tatu ni 98,000. Nikaongeza 42,000 za bima, sare na chanjo ya homa ya ini, zikigawanywa kwa miezi. Jumla 840,000. Asilimia hizi hubadilika na bajeti za Juni, muulize Mhasibu wako za mwaka huu kabla hujaandika. Upande wa ovataimu sikuongeza tozo yoyote, hata zile zinazostahili. Nilitaka mzigo mzito ukae upande wangu ili pasiwe na mtu wa kunisukuma.

Safu ya tatu ni ya mtu wa kuitwa kwa nusu siku. Iwekeni, kwa sababu msipoiweka ninyi, mjumbe mmoja wa Bodi ataiweka kikaoni na hamtakuwa na namba. Tulikuwa tunamlipa 30,000 kwa asubuhi ya saa tano. Siku 26 ni 780,000, na saa ulizopata ni 130.

Sasa ukitazama jumla peke yake, kuajiri ndiyo ghali kuliko zote. Lakini kila safu inanunua saa tofauti. Ovataimu inakupa saa 130 za watu waliochoka, kila moja kwa shilingi kama 5,940. Wa kuitwa anakupa 130 kwa 6,000 kila moja. Mwajiriwa anakupa 165 kwa 5,090. Mstari huo mmoja niliuweka katikati ya ukurasa wa kwanza, ukiwa na nafasi nyeupe juu na chini.

Na swali likaja, kutoka kwa yule yule mama: "Saa 35 zilizozidi zina kazi gani? Nisije nikanunua nafuu kitu nisichokihitaji." Safari hii nilikuwa nimejiandaa. Saa kumi zilikuwa za sampuli za upimaji wa ubora kutoka nje, ambazo robo mbili mfululizo tulizirudisha zimechelewa. Kumi na tano za kusoma upya slaidi moja katika kila kumi. Zilizobaki za kuanza kufanya hapa hapa kipimo cha elektrolaiti tulichokuwa tunakituma nje, wakati mashine yetu ina uwezo nacho. Aliandika pembeni, kwa penseli ile ile, neno "sawa".

5. Ya haraka haraka.

Ukurasa mmoja na nusu, mengine kiambatisho.

Weka nakala ya rosta na fomu za ovataimu, si picha ya foleni.

Mpelekee Mhasibu asome wiki moja kabla ya kikao, na akikukosoa rekebisha, usibishane.

Andika saa za msongamano. Kwetu nusu ya kazi ya mchana ilikuwa kati ya saa 2 na saa 5 asubuhi, na zamu ya mtu mpya ikapangwa kulingana na hilo.

Taja kiwango cha elimu unachotaka na kwamba lazima awe na usajili wa Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya ulio hai.

Gharama ya kosa la kitabibu usiibadilishe kuwa shilingi. Nilijaribu kumweka yule mtoto kwenye hesabu, nikafuta. Nilimweka kwenye aya moja peke yake, bila namba isipokuwa 5.2 na 11.4, nikaandika jina langu kuwa ndiye niliyekosea. Mganga Mfawidhi aliisoma aya ile kwa sauti kikaoni na hakuna aliyesema kitu kwa muda.

6. Eleza itakavyokuwa mtu huyo akikosekana, na itakavyopimwa akipatikana.

Akiwa mmoja wetu kwenye likizo ya uzazi, watatu wanaobaki wanatoa saa 495. Zinakosekana 295, kila mmoja 98. Hapo hospitali inavunja sheria kila wiki nne, na haihitaji bahati mbaya ili ifike huko, inahitaji tu mtumishi mmoja kupata mtoto. Hilo liliwatikisa wajumbe kuliko neno lolote la uchovu. Mjumbe mmoja mzee, mwanasheria mstaafu, alivua miwani akauliza: "Kwa hiyo mwezi Februari tulikuwa tayari huko?" Nikamwambia ndiyo, na fomu ziko kiambatisho cha pili.

Kisha nikaandika sharti juu yangu mwenyewe: apewe mkataba wenye miezi sita ya majaribio, na saa za ziada za maabara zishuke chini ya 40 kwa mwezi kufikia mwezi wa nne, la sivyo Bodi iitazame upya nafasi hiyo. Mwenzangu mmoja alinilaumu kwa sharti hilo. Lakini Bodi inayopewa njia ya kurudi nyuma huthubutu kwenda mbele, na mimi hesabu zangu nilikuwa naziamini kwa mara ya kwanza.

Dokezo lilipanda Mei 2024, likaidhinishwa kikao hicho hicho. Kijana aliripoti Julai. Mwezi wa kwanza ovataimu ilibaki 110, kwa sababu alikuwa bado anafunzwa mashine na hawezi kuachwa usiku peke yake mpaka apite tathmini ya umahiri. Msilisahau hilo kwenye madokezo yenu, mtu mpya hajibu upungufu siku anayoripoti. Mwezi wa nne ilikuwa saa 31. Mama Mhasibu alikuja mwenyewe maabara, akatazama rosta ukutani, akauliza hali ya yule mtoto wa Februari.

Sasa nyie watatu. Wa kliniki inayofunga jioni, toa usiku kwenye hesabu, halafu ukikuta upungufu uko chini ya saa 80, badili ombi liwe mtu wa kuitwa asubuhi, nitalisaini. Wa kemia isiyokuwepo, daftari la mistari liko kabatini kwangu, njoo ulichukue Jumatatu, unaanza kupima wiki hiyo hiyo. Na wewe wa tatu, dakika zako ni nzuri, umepima kweli, nimeona hata umeandika siku umeme ulipokatika. Umekosea mahali pamoja tu: umegawa kwa 195. Toa likizo, sikukuu na ugonjwa wa watu wako, gawa upya, uniletee kabla kikao cha Ijumaa hakijakaa.